Waya wa hedifoni hauingii hadi mwisho: tazama pini kabla ya kusukuma tena

*Swali: Fundi, shikamoo. Natumia hedifoni za AKG K240 Studio kuhariri mahojiano ya redio. Wiki iliyopita nilichomoa waya, nikaviweka vyote mkobani tukaenda kurekodi Chamwino. Niliporudi mjini waya haukuingia hadi mwisho kwenye kikombe cha sikio. Unabaki nje milimita mbili au tatu, haulii "tak" kama zamani, na sikio la kulia halisikiki. Nimeazima waya wa mwenzangu wa aina hiyohiyo, nao unagoma palepale. Ni uchafu au tundu limekufa? (Mtayarishaji wa vipindi, Dodoma)*

Marahaba, dada. Waya zote mbili ziweke pembeni kwanza, usisukume tena mpaka uone kilichomo ndani ya tundu. Kwa maelezo yako nashuku pini iliyopinda kuliko uchafu. Pini iliyopinda kidogo hunyooka vizuri tu. Ileile ikiendelea kusukumwa hulala chini kabisa, na hapo kuinyoosha bila kuivunja huwa ni bahati.

Tundu la hedifoni zako si la jeki ya milimita 3.5 tuliyoizoea kwenye simu. Ni XLR ndogo ya pini tatu, umbo lilelile la plagi za maikrofoni mlizonazo studio, ila limepunguzwa. Pini ziko upande wa kikombe, na waya una matundu tu. Kwa hiyo plagi ikisukumwa vibaya, waya hutoka salama na kikombe ndicho kinachoumia. Pini zenyewe ni za shaba iliyopakwa madini juu, unene wake ni kama milimita moja, na zimesimama ndani ya plastiki bila kitu cha kuzishikilia ubavuni.

Jeki ya kawaida ni ya mviringo, unaweza kuizungusha inapoingia na isidhurike. Hii haikubali hata kidogo. Ina uelekeo mmoja tu ambapo mfereji wa plagi hukutana na ukingo wa ndani ya tundu. Mtu akiwa gizani au ana haraka huigusisha plagi, kisha huizungusha huku akiisukuma ili itafute njia yenyewe. Katika kuzunguka huko ndiko ukingo wa tundu la plagi unapoikamata pini na kuilaza. Nimeona pini nyingi zilizopinda, na zilizo nyingi zimelala kufuata mduara, hazikulala kuelekea katikati, jambo linaloonyesha kwamba zilizungushwa.

Sasa tutofautishe. Uchafu unapozuia plagi, mkono huhisi ulaini. Plagi husimama, ukiiachia hurudi nyuma kidogo, na kila ukijaribu husimama mahali tofauti kwa sababu uchafu nao unasogea. Pini iliyopinda husimamisha plagi kwa ugumu, na palepale kila mara. Wewe umesema waya wa pili umegoma palepale, na hilo limenielekeza.

Ushahidi wa pili uko kwenye uso wa plagi. Chukua waya wako, washa tochi ya simu, utazame ile plastiki nyeusi yenye matundu matatu. Pini iliyokosa tundu hugonga plastiki na kuacha alama, kikovu kidogo au shimo lisilo na kina pembeni mwa tundu lake. Kisha tazama waya wa mwenzako. Alama ikiwa kwenye tundu lilelile kwa waya zote mbili, huna haja ya kubahatisha tena. Ila angalia jambo moja: ukitazama plagi na ukitazama kikombe, kushoto na kulia hubadilishana, maana vinatazamana. Usihesabu kwa upande. Tafuta namba 1, 2 na 3 zilizochorwa kwenye plastiki karibu na kila pini na kila tundu. Ni ndogo sana, kwa hiyo piga picha kwa simu ukiwa umbali wa sentimita kumi hivi, kisha uikuze.

Nakisia alama utaikuta kwenye namba 3. Katika hedifoni hizi pini ya 1 ni ya pamoja kwa masikio yote mawili, ya 2 inabeba sikio la kushoto, na ya 3 sikio la kulia. Sauti ya kushoto unaipata, maana yake 1 na 2 zinagusa ingawa plagi haijafika mwisho. Kulia kimya, maana yake 3 haijaingia tunduni kwake.

Ingekuwa ni pini ya 1, ungesikia kitu cha ajabu zaidi. Spika zote mbili zingebaki zimeunganishwa kwa mfuatano kati ya kushoto na kulia bila njia ya pamoja, zikatoa tofauti tu ya sauti za pande hizo mbili. Muziki husikika umechujwa, mwimbaji aliyewekwa katikati anapotea na vyombo vya pembeni vinabaki. Mahojiano yaliyorekodiwa kwa maikrofoni moja, kama ya kwako, karibu yote yangetoweka. Watu huleta hedifoni za namna hiyo wakisema spika zimeungua, kumbe ni pini moja tu haijagusa.

Kuna hali ya tatu ya kuiogopa, nayo ni pini iliyopinda mpaka ikagusa jirani yake. Ya 2 na 3 zikigusana, masikio yote hupata mchanganyiko uleule na tofauti ya kushoto na kulia hupotea. Ya 1 ikigusana na ya 2 au ya 3, upande huo unakufa kwa shoti, na saketi inayosukuma hedifoni kwenye miksa au kinasa sauti huelemewa. Ndiyo maana majaribio yote ya kuingiza plagi uyafanye ukiwa umechomoa upande wa pili kwenye mashine.

Hata hivyo, safisha kwanza. Mkoba uliotoka Chamwino kipindi hiki cha kiangazi hauwezi kukosa vumbi. Udongo wetu ni mwembamba, upepo unaupitisha hata kwenye zipu iliyofungwa, na ukikutana na mafuta ya vidole unaganda pembeni mwa pini. Pini safi huonekana vizuri, na iliyofunikwa na vumbi inaweza kukudanganya kwamba imenyooka.

Shika kikombe tundu likitazama chini, ili kinachotoka kidondoke sakafuni kisirudi ndani. Sugua kwa mswaki mpya laini, nyuzi zikiingia wima kati ya pini. Uchafu ulioganda ulegeze kwa kijiti cha meno cha mbao ukikivuta kuelekea nje. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia na vumbi linakuwa tope. Wala usipeleke kwa mtu wa kujaza upepo matairi. Ule upepo una nguvu ya kusukuma mchanga mpaka kwenye utando wa spika, na mchanga ukikaa pale utasikia mkwaruzo kila sauti nzito inapopita.

Uchafu ukigoma, tumia spiriti ya asilimia 90 au zaidi kama unaipata. Ile ya duka la dawa ya asilimia 70 pia inafaa, ila ina maji ndani, kwa hiyo iache ikauke masaa kadhaa kabla ya kuunganisha. Lowesha mswaki, kamua, ndipo usugue. Usimimine kwenye tundu. Petroli, thina na manukato viache kabisa, vinalainisha plastiki inayoshika pini, na plastiki ikilainika pini hukaa upande na haitakaa sawa tena.

Msasa na nyuzi za chuma za kusugulia sufuria ni marufuku. Spika ya hedifoni ina sumaku kali, na unga wowote wa chuma unaodondoka karibu nayo utavutwa ndani. Ukishafika kwenye utando hautoki kwa kupuliza wala kwa kutikisa. Hedifoni iliyokuwa na tatizo la plagi inageuka kuwa hedifoni inayovuma.

Plagi ya waya nayo ikague, kwa sababu kosa la waya huweza kuwa ndilo lililoanza kupinda pini. Bonyeza kile kitufe cha kufungia mara kadhaa. Kinapaswa kushuka na kurudi chenyewe. Kikibaki juu kimekwama kwa vumbi, plagi haitamaliza milimita za mwisho. Kikibaki chini, plagi itaingia yote lakini haitalia na itachomoka kirahisi. Baada ya hapo shika ganda la chuma kwa mkono mmoja, na kwa kijiti cha mbao jaribu kuizungusha ile plastiki yenye matundu. Haipaswi kusogea. Katika baadhi ya plagi inashikiliwa na skrubu ndogo mno, na skrubu ikilegea plastiki huzunguka kidogo ndani ya ganda. Mfereji wa nje unakutana sawasawa na ukingo, lakini matundu yameshahama. Plagi kama hiyo itapinda pini za kila kikombe itakachochomekwa, kwa hiyo usiirudishe kwenye kazi mpaka itengenezwe au itupwe.

Twende kwenye kunyoosha. Kibano na bisibisi ndogo ndivyo wengi wanavyokimbilia, na ndivyo vinavyovunja pini. Kibano hushika ncha, ncha ikivutwa pini hujikunja katikati na kupata umbo la herufi S ambalo halitaingia tundu lolote. Kinachotakiwa ni mrija unaoivaa pini nzima mpaka kwenye shina, ili mahali pekee panapokunjuka pawe palepale palipokunjika.

Mrija huo hapa Dodoma haukusumbui. Nenda duka la dawa za mifugo uombe sindano ya ng'ombe namba 16. Tundu lake ni kama milimita 1.2, linaivaa pini ya milimita moja likiacha nafasi ndogo tu. Hakikisha ni mpya na haijawahi kutumika. Ncha kali ikate kwa koleo, kisha uinyooshe kwa tupa mpaka uso wake uwe bapa na tundu liwe wazi, kwa sababu koleo hulibana. Kazi hiyo ya tupa ifanyie mbali na hedifoni, ikiwezekana chumba kingine, na uuoshe mrija kwa maji na sabuni kabla hujarudi. Ule unga wa chuma niliousema, huu ndio wakati unapoingia.

Kaa mahali penye mwanga, kikombe kimelazwa juu ya taulo, tundu likikutazama. Ingiza mrija juu ya ncha ya pini kwa kufuata mwelekeo ambao pini imelalia, usijaribu kuuingiza wima. Ukishuka, endelea mpaka uguse plastiki ya chini. Kisha simamisha mrija polepole, kwa mwendo mmoja, mpaka pini iwe sambamba na wenzake. Simama hapo. Chomoa mrija, piga picha, linganisha. Kama umebakiza kidogo, rudia kwa kile kidogo kilichobaki tu.

Usipitilize ukairudisha. Shaba kila inapokunjwa huwa ngumu zaidi pale ilipokunjwa, na baada ya kwenda na kurudi mara chache hukatika bila onyo. Pini iliyoegemea kidogo tu huvumilia kunyooshwa vizuri. Iliyopita nusu ya kulala inaweza kunyooka, lakini mara nyingi hubaki na ufa shinani. Iliyolala kabisa chini nitakuambia wazi kwamba inaweza kukatikia mkononi mwako hata ukifanya kila kitu sawasawa. Wala usiipashe moto kwa pasi ya kuchomelea risasi ukidhani italainika. Plastiki inayeyuka kabla shaba haijahisi chochote, na pini inaanza kuelea.

Ukimaliza kunyoosha, usichomeke waya bado. Gusa pini taratibu kwa kijiti cha meno. Ikitikisika kama jino la mtoto, shina limekatika au plastiki imepasuka. Isipotikisika, chukua mita ya umeme, uiweke kwenye ohm, upime ndani ya tundu. Hedifoni zako zinaandikwa ohm 55, na mita itaonyesha chini kidogo ya hapo kati ya pini ya 1 na ya 2, na vilevile kati ya ya 1 na ya 3. Kati ya 2 na 3 utapata karibu maradufu, kwa kuwa hapo unapima spika mbili kwa pamoja. Kila unapogusisha utasikia mkwaruzo mdogo kwenye sikio husika, na huo peke yake unakuonyesha spika ni nzima. Ikitokea 1 na 2 zinasoma vizuri lakini 1 na 3 hazisomi kabisa, pini ya 3 imekatika kwa nyuma, au ule waya mwembamba unaopita juu ya kichwa kwenda sikio la kulia umekatika. Fundi akifungua kikombe ataona ni upi.

Ngoja nikupe mfano wa kazi iliyopita mezani kwangu, inayofanana na yako. Kijana anayerekodi kwaya alileta hedifoni za tundu hilihili. Waya wake wa zamani ulisimama kabla ya mwisho, na waya wa akiba alioununua uliingia zaidi kidogo lakini haukujifunga. Alikuwa na uhakika kwamba tundu limeziba. Nilipotazama nyuso za plagi, ule wa zamani ulikuwa na kikovu pembeni mwa tundu la 2, na ule mpya haukuwa na alama yoyote. Hapo palikuwa na makosa mawili tofauti. Pini ya 2 ilikuwa imeegemea kidogo, kiasi kwamba tundu la waya mpya, lenye mdomo mpana zaidi, liliweza kuipokea. Waya mpya wenyewe ulizuiliwa na raba nene iliyozunguka plagi, iliyokuwa ikigonga ukingo wa kikombe kabla kitufe hakijafika kwenye tundu lake. Pini tuliinyoosha kwa mrija, na raba tuliichonga ukingoni kwa wembe kiasi cha milimita mbili. Waya zote mbili zikalia "tak". Angechukua jibu la waya wa akiba peke yake, angeamini kikombe kimekufa.

Kwa hiyo waya wa kuazima ni kipimo kizuri ukiutumia baada ya kutazama. Ukiwa umeshaona pini zimenyooka, na waya wa akiba unaingia wakati wako hauingii, kosa ni la waya wako. Zikigoma zote, na alama ziko mahali pamoja, ni kikombe. Zikigoma kwa namna tofauti, kama za yule kijana, tafuta makosa mawili.

Ukienda kununua wako wa akiba, hesabu matundu kabla ya kulipa. XLR ndogo ziko za matundu matatu, manne na zaidi, na kwa picha ya mtandaoni zinafanana kabisa. Baadhi ya hedifoni za kutangazia zenye maikrofoni yake, kwa mfano, huwa na pini sita. Tazama pia unene wa raba ya plagi ukilinganisha na waya uliokuja na hedifoni. Na ukiupima waya kwa mita, ncha ya jeki inapaswa kuongea na tundu la 2, pete ya kati na tundu la 3, shina la jeki na tundu la 1. Usichomeke ncha nene ya mita ndani ya matundu hayo, inapanua vile vibati vya ndani na mguso unalegea. Tumia uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme.

Ikiwa pini itakatika, hedifoni hazijafa. Tundu zima hubadilishwa. Fundi anafungua kikombe, anapiga picha rangi za nyaya kabla ya kuzigusa, anatoa tundu la zamani na kuchomelea jipya la pini tatu la kiume. Mwombe amalizie kila pini kwa haraka, sekunde mbili au tatu, kwa sababu plastiki ya tundu jipya nayo inayeyuka. Na pasi isikae ikiwaka juu ya spika iliyo wazi, tone la risasi likidondokea utandoni linauchoma. Kama hana tundu la aina hiyo, anaweza kuchomelea waya moja kwa moja kwenye nyaya za ndani na kufunga fundo ndani ya kikombe ili usivutike. Utapoteza uwezo wa kuchomoa waya, lakini sauti itakuwa ileile.

Pini zikishanyooka, chomeka hivi: tazama mfereji na ukingo kwa macho, vikutanishe, sukuma kwa kidole gumba bila kuzungusha mpaka isikike "tak", kisha vuta kidogo bila kubonyeza kitufe. Ikishika, unganisha kwenye kinasa sauti kikiwa sauti ya chini, cheza faili moja ya mahojiano, uipeleke kushoto yote, kisha kulia yote, kisha katikati. Ukisikia kila upande peke yake, na sauti ya mzungumzaji ikasimama katikati ya kichwa ikiwa imejaa, pini zote tatu zinagusa.